Idi, shule na Krismasi: jinsi ya kupanga kampeni ya mauzo Tanga kwa kuhesabu siku kurudi nyuma

Mfanyabiashara mdogo wa Pwani hana mwaka mmoja, ana miaka mitatu inayokwenda pamoja. Kuna mwaka wa kanisa na serikali, ambao Krismasi yake haihami tarehe 25 Desemba. Kuna mwaka wa shule, unaoanza Januari na kuisha Desemba. Na kuna mwaka wa mwezi mwandamo, unaobeba Ramadhani, Idi na Maulidi, ambao kila mara unarudi nyuma. Mfuko wa mzazi wa Muheza, Pangani au Mkinga ni mmoja, na miaka yote mitatu inauchota.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kupanga kampeni ya mauzo ndani ya miaka hiyo mitatu. Kampeni tunayozungumzia ni ile ya kawaida: tangazo la redioni, ujumbe kwa wateja wa zamani, bango dukani, na utaratibu wa kupokea oda. Tutamtumia fundi cherehani kama mfano, kwa sababu yeye hukutana na misimu yote: nguo za Idi, nguo za Krismasi na sare za shule. Lakini njia ni ileile kwa mfugaji wa kuku, muuza viatu au kikundi cha akina mama wanaouza tambi.

Tarehe zinazohama na zisizohama

Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355. Kwa hiyo kila mwaka Ramadhani na Idi hutangulia kwa siku 10 hadi 12 zikilinganishwa na kalenda ya ukutani. Nchini Tanzania Idi ndogo ilikuwa tarehe 10 Aprili 2024, na mwaka uliofuata ikawa 31 Machi 2025. Anayepanga kwa kukumbuka kwamba mwaka jana mauzo yalipanda mwezi fulani atachelewa kwa siku 10, na hizo ndizo siku ambazo mteja hununua.

Hizi ndizo tarehe za miaka ijayo. Za Kiislamu ni za makadirio, zinaweza kusogea kwa siku moja au mbili. Za Pasaka hazibadiliki.

- 2027: Ramadhani karibu na 8 Februari, Idi ndogo 9 au 10 Machi, Pasaka 28 Machi, Idi kubwa 16 au 17 Mei.
- 2028: Ramadhani karibu na 28 Januari, Idi ndogo 26 au 27 Februari, Pasaka 16 Aprili, Idi kubwa karibu na 5 Mei.
- 2029: Ramadhani karibu na 16 Januari, Idi ndogo 14 au 15 Februari, Pasaka 1 Aprili, Idi kubwa karibu na 24 Aprili.
- 2030: Ramadhani karibu na 6 Januari, Idi ndogo 4 au 5 Februari, Pasaka 21 Aprili. Mwaka huo Ramadhani nyingine itaanza karibu na 26 Desemba.

Orodha hii ukiisoma kwa makini utaona jambo moja kubwa. Ramadhani inaisogelea Januari, mwezi ambao shule hufunguliwa, kwa kawaida katika wiki ya pili. Mwaka 2029 mzazi atanunua daftari na viatu vya shule, na siku chache baadaye atanunua futari ya mwezi mzima. Mwaka 2030 atafanya yote mawili kwa wakati mmoja, akiwa ametoka kwenye Krismasi na mwaka mpya. Si mara ya kwanza: mwaka 2000 ulikuwa na Idi ndogo mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine siku chache baada ya Krismasi. Hali hii hurudi kila baada ya miaka 33 hivi.

Kwa mfanyabiashara, misimu miwili ikigongana mauzo hayaongezeki mara mbili, kwa sababu fedha ni ileile. Kinachofuatia ni kwamba mteja huchagua: chakula kwanza, shule pili, nguo mpya tatu. Kwa hiyo muuza nguo anatakiwa kuanza kupokea malipo kidogo kidogo mapema zaidi katika miaka hiyo.

Anza na siku ya kukabidhi, si siku ya tangazo

Wengi huanza kwa kujiuliza watangaze lini. Swali la kwanza liwe: mzigo wa mwisho utoke mkononi mwangu lini? Ukishaijua siku hiyo, unahesabu kurudi nyuma.

Kwa Idi, siku ya kukabidhi isiwe siku ya kuamkia sikukuu. Mwezi wa Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na haijulikani mpaka jioni ya siku ya 29, pale mwandamo unapotafutwa. Tanzania Bara, tangazo hutolewa na Mufti kupitia Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, yaani BAKWATA. Wapo pia Waislamu wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine, nao huweza kusali Idi siku moja kabla ya majirani zao. Kwa hiyo katika mtaa mmoja wa Ngamiani unaweza kuwa na wateja wa Idi mbili. Njia salama ni kuweka mwisho wa kukabidhi tarehe 27 ya Ramadhani. Wa siku ya 29 na wa siku ya 30 wote watakuwa wamepata nguo zao.

Kwa sababu hiyohiyo, tangazo lako lisitaje tarehe ya Idi. Sema "kabla ya Idi" au "mwisho wa kuchukua nguo ni mwezi 27". Si kazi ya duka kutangaza mwandamo, na tarehe ikikosewa bango zima linapoteza maana.

Kwa sare za shule, siku ya kukabidhi ni Ijumaa ya kabla ya shule kufunguliwa. Kwa Krismasi, ni karibu na tarehe 20 Desemba, kwa sababu watu wengi wanasafiri baada ya hapo. Wanaorudi kwao Lushoto, Korogwe au Kilimanjaro wanaanza kujaa kwenye mabasi katikati ya Desemba, na barabara ya Segera, Korogwe na Mombo huwa na abiria wengi hadi mkesha wa sikukuu. Kwa anayeuza machungwa au matunda mengine kando ya barabara, hizo ndizo siku zake. Kwa fundi, mteja aliyesafiri na deni lake hatarudi mpaka Januari.

Mfano: fundi wa Muheza na Idi ya Machi 2027

Tuchukue fundi mwenye cherehani mbili, yeye na msaidizi mmoja. Anashona magauni ya watoto. Takwimu za kazi na bei hapa ni za mfano tu, weka zako.

Siku za kawaida wawili hao wanamaliza magauni 8 kwa siku. Mwezi wa Ramadhani wanafunga kazi mapema ili kuwahi futari, kwa hiyo wanamaliza 6. Wanafanya kazi siku 6 kwa wiki.

Ramadhani ikianza tarehe 8 Februari, mwezi 27 utakuwa Jumamosi tarehe 6 Machi. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kukabidhi. Fundi hawezi kuanza kushona nguo za Idi kabla ya Jumatatu tarehe 25 Januari, kwa sababu wiki mbili za kwanza baada ya shule kufunguliwa bado anamalizia sare za waliochelewa.

Kuanzia tarehe 25 Januari hadi Jumamosi 6 Februari kuna siku 12 za kazi. Mara 8, ni magauni 96. Kuanzia 8 Februari hadi 6 Machi kuna siku 24 za kazi. Mara 6, ni magauni 144. Jumla ni 240. Hapo atoe 40 kwa ajili ya umeme kukatika, cherehani kuharibika, kuugua na nguo za kurekebisha. Zinabaki oda 200.

Namba hii ya 200 ndiyo moyo wa kampeni nzima. Oda ya 201 ikipokelewa, kuna mtoto ambaye Idi itamkuta bila nguo, na mama yake hatanyamaza. Fundi aiandike kwenye daftari, kila oda na namba yake, na ikifika 200 afunge.

Fedha ya mteja iko wapi?

Januari watu wengi wamekauka. Lakini ndani ya kampeni hii kuna siku mbili za mishahara: mwisho wa Januari na mwisho wa Februari. Kuna pia wakulima wa tambarare wanaovuna mahindi ya vuli katika miezi hiyo. Kwa hiyo fundi agawe malipo mara mbili: advansi mwisho wa Januari, na salio mwisho wa Februari kabla ya kuchukua nguo.

Advansi iwe kiasi gani? Kanuni nyepesi ni hii: ilipe vifaa vyote. Tuseme gauni linauzwa shilingi 15,000. Kitambaa cha mita moja na nusu kwa shilingi 4,000 kwa mita ni 6,000. Uzi, zipu na vifungo ni 1,000. Advansi isipungue 7,000. Mteja asiporudi, fundi amepoteza jasho tu, na gauni bado lipo, anaweza kumuuzia mwingine. Akipokea advansi ya 2,000 kwa kuona haya, ananunua kitambaa cha mteja kwa fedha yake mwenyewe, na oda 200 zitammaliza kabla ya mwezi kumi.

Faida nyingine ya advansi ni kwamba kitambaa kinanunuliwa mapema. Magauni 200 ni mita 300. Ukizinunua kwa jumla mwisho wa Januari, iwe Tanga mjini au Kariakoo, una rangi za kuchagua na unaweza kupatana bei. Katika kumi la mwisho la Ramadhani kila mtu yuko sokoni, na muuzaji hana haja ya kukupunguzia.

Wapo wateja ambao hata 7,000 kwa mkupuo ni ngumu. Hao wafunguliwe mlango wa kudunduliza kuanzia Desemba: elfu moja leo, elfu mbili wiki ijayo, kila malipo yakiandikwa kwenye kadi ya mteja na kwenye daftari la fundi. Desemba ni wakati mzuri kwa sababu vikundi vingi vya kuweka na kukopa hugawana fedha mwisho wa mwaka. Mama aliyepata mgao wake atalipa mwenyewe, akijua kwamba Januari fedha hiyo haitakuwepo.

Tangazo: nani aambiwe kwanza

Fundi asikimbilie redio wala bango. Aanze na wateja wa mwaka jana, kwa kupiga simu au kutuma ujumbe mfupi, wiki ya tarehe 18 Januari. Hao wanamjua, na vipimo vya watoto anavyo tayari, aongeze tu urefu. Ujumbe uwe na mambo manne: nini kinashonwa, bei, advansi na siku yake, na mwisho wa kupokea oda. Kwa mfano: "Mama Asha, tumeanza oda za magauni ya Idi. Bei 15,000, advansi 7,000 hadi tarehe 31 Januari. Nafasi ni 200 tu. Leta mtoto apimwe."

Hapa tukumbushane jambo moja. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchini kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba ya mteja aliyokupa kwa ajili ya gauni ni taarifa yake. Muulize siku ya kumpima kama unaruhusiwa kumtumia ujumbe wa matangazo, uandike jibu lake, na usiigawe namba hiyo kwa wengine.

Jumamosi tarehe 6 Februari fundi ahesabu oda. Zikizidi 150, hana haja ya kulipia tangazo. Wateja wenyewe watazijaza zilizobaki. Zikiwa chini ya 100, hapo ndipo tangazo la redio lina kazi.

Je, litalipa? Tufanye hesabu. Katika bei ya 15,000 toa vifaa 7,000 na malipo ya msaidizi 2,500. Inabaki 5,500. Kifurushi cha matangazo kikigharimu shilingi 120,000, inabidi kilete oda 22 ndipo kirudishe gharama yake. Na oda hizo ziwe za watu ambao wasingekuja bila tangazo. Kujua hilo ni rahisi: kila mteja mpya aulizwe amesikia wapi, na jibu liwekwe alama kwenye daftari. Siku tano baada ya tangazo kuanza, alama za redio zikiwa tatu au nne tu, badilisheni saa ya tangazo au maneno yake kabla kifurushi hakijaisha.

Saa ni muhimu mwezi wa Ramadhani. Mchana watu wako kazini na jikoni. Nusu saa kabla ya futari nyumba nyingi za Pwani zina redio wazi zikisubiri adhana, na wakati wa daku pia kuna wasikilizaji. Tangazo la wakati huo liwe la sauti ya mtu tu, bila muziki wa dansi. Na vipeperushi visiandikwe aya za Kurani, kwa sababu karatasi ya tangazo huishia chini barabarani, na watu hukasirika kwa haki.

Oda zikifika 200, tangazo libadilike: "Oda zimefungwa. Nguo zilizo tayari zipo." Tangazo la kufunga ndilo wengi hulisahau. Lisipotolewa, wateja wataendelea kuja, na fundi atashindwa kukataa.

Sare za shule: kipi cha kushona mapema na kipi cha kusubiri

Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, lakini sare, viatu na daftari bado ni vya mzazi. Fundi ana aina mbili za kazi hapa, na kampeni zake si moja.

Ya kwanza ni sare za shule za msingi. Shule nyingi za serikali huvaa shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu. Hizi zinaweza kushonwa kuanzia Oktoba, wakati kazi ni chache, kwa saizi tofauti, na kuuzwa Desemba wakati fedha ipo. Tangazo lake lianze mapema Desemba shule zinapofungwa: nunua sare kabla ya sikukuu.

Ya pili ni sare za kidato cha kwanza. Hapa usishone mapema. Majina ya waliochaguliwa hutangazwa kwa kawaida Desemba, na kila shule ina fomu yake ya kujiunga inayotaja rangi, mshono, na vifaa vingine kama ndoo, jembe na godoro kwa wanaolala bweni. Sketi yenye marinda manne badala ya sita inaweza kurudishwa getini. Fundi aombe nakala ya fomu kwa mwalimu mkuu au kwa mzazi, ashone moja, aipeleke shuleni ikaangaliwe, ndipo apokee oda. Kwa kuwa mzazi ana wiki tatu au nne tu, kampeni hii ni fupi: ujumbe mmoja majina yanapotoka, na mwingine baada ya mwaka mpya.

Usisahau Julai. Muhula wa pili hufunguliwa mwezi huo na wanafunzi wa kidato cha tano huanza. Ni msimu mdogo, lakini washindani ni wachache.

Dalili kwamba mpango umepinda

Dalili ya kwanza ni oda nyingi zenye advansi ndogo. Daftari limejaa lakini mkononi hakuna fedha ya kitambaa. Funga oda mpya na uwapigie wenye advansi pungufu.

Ya pili ni kazi kubaki nyuma. Katika mfano wetu, ifikapo tarehe 20 Februari fundi ametumia siku 24 kati ya 36, na anapaswa kuwa amemaliza magauni kama 140. Akiwa na 110, atafute fundi wa kumsaidia siku hiyohiyo. Akisubiri kumi la mwisho, mafundi wote watakuwa wameshashikwa.

Ya tatu ni punguzo la bei linalokula faida. Kupunguza gauni kutoka 15,000 hadi 13,000 kunaonekana kidogo, lakini katika 5,500 iliyobaki umeondoa 2,000. Sasa inakupasa ushone magauni 158 ili upate kile ambacho 100 yangekupa. Kabla ya Idi hakuna sababu ya kupunguza, kwa sababu mteja anatafuta uhakika wa kupata nguo kwa wakati. Punguza baada ya sikukuu, kwa nguo zilizobaki tu.

Ya nne ni mvua. Idi kubwa ya miaka hii inaangukia kwenye masika, na barabara za milimani na za vijijini Pangani na Mkinga huharibika. Anayepeleka mbuzi, kuku au nguo vijijini aongeze siku tatu au nne kwenye hesabu yake ya kurudi nyuma.

Idi ikishapita, fundi akae na daftari kabla hajaliweka: oda zilikuwa ngapi, ngapi zilitoka redioni, ngapi hazikuchukuliwa, na ya mwisho ilitoka mwezi ngapi. Aziandike kwa tarehe za Ramadhani, si za ukutani pekee. Mwaka 2028 tarehe za ukutani zitakuwa zimehama kwa siku 11 hivi, lakini mwezi 27 utabaki kuwa mwezi 27.